Nyungu Haiiwezi Sumu Hii

Maneno haya niliyasema Katuba, hapa Lubumbashi, Jumapili moja baada ya mvua za kwanza, mbele ya wamama wanaouza uyoga na majirani zao. Waliniomba niyaandike, na nimeyaacha karibu na yalivyotoka kinywani.

Jambo yenu wote. Wamama, wababa, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, asanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Ninyi mnanijua kama muuguzi, lakini kabla ya kuvaa koti jeupe nilikuwa mtoto wa mama muuza bowa, yaani uyoga. Nimekaa kando ya barabara na beseni la chitondo wa njano miguuni, nikipungia magari mkono. Najua kwamba mwezi wa kumi na mbili, unga ukiwa ghali na shamba likiwa bado bichi, uyoga ndio nyama ya nyumba nyingi. Kwa hiyo sikuja kuwaambia muache uyoga. Nimekuja kuzungumza juu ya neno moja ambalo nimelisikia tangu utotoni, na ambalo nimelisikia tena wiki hii sokoni: "Kama una mashaka nao, uchemshe vizuri, mwaga maji, sumu itaondoka."

Niruhusuni nianze na nyumba moja. Majina sitayataja.

Mama wa nyumba hiyo alizaliwa upande wa Kasenga, mtu wa msituni kabisa, anayejua uyoga kuliko wengi wetu. Walikuwa wamehamia kiwanja kipya pembeni ya mji, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mikalitusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo. Jumamosi asubuhi, baada ya mvua ya usiku, aliona chini ya mikalitusi hiyo uyoga wa kimo cha kiganja, kofia yake imepauka, mikunjo ya chini ni myeupe. Ulifanana na ule aliokuwa akiuchuma na bibi yake. Aliukata kwa kisu usawa wa udongo, akajaza sahani. Hakuwa mzembe. Aliuchemsha mara mbili, maji yote mawili akayamwaga, kisha akaupika kwa kalanga mpaka ukaiva kabisa. Walikula na bukari saa moja ya jioni. Baadaye aliniambia kwamba ulikuwa mtamu sana.

Usiku ukapita salama. Saa kumi na moja alfajiri, yaani saa kumi baada ya kula, mtoto wao wa miaka minne akaanza kutapika, na kuhara maji kama ya kipindupindu. Baba akafuata, kisha mama. Walifika kwetu kwenye kituo cha afya Jumapili asubuhi. Tuliwatundikia seromu. Tuliwauliza walikunywa maji gani. Uyoga mama aliutaja, lakini haraka haraka, akaongeza yeye mwenyewe: "Ila si huo, maana tuliula jana, usiku tukalala vizuri." Na sisi tukakubali.

Jumatatu jioni kutapika kulikuwa kumekoma. Mtoto alikaa kitandani, akaomba chai na mkate. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ya kuwaruhusu kwenda nyumbani. Nilifurahi kuiandika.

Jumanne mtoto alikataa chakula na kusinzia. Jumatano macho yake yalikuwa ya njano na fizi zilitoa damu. Walimkimbiza hospitali kubwa. Alikufa Alhamisi usiku. Baba aliugua majuma mengi. Mama alipona upesi zaidi, kwa sababu alikuwa amepakulia wengine kwanza na kubakiwa na mchuzi kidogo.

Uyoga wenyewe hakuna aliyeuona tena. Maganda yalitupwa, sufuria ilioshwa. Kwa hiyo jina lake siwezi kuwapa. Lakini mwendo wa ugonjwa ule una alama yake, na alama hiyo leo naijua: saa nyingi za kimya, kisha kuhara kukali, kisha nafuu ya uongo, kisha ini. Hiyo ni kazi ya sumu zinazoitwa amatoksini. Aliye maarufu zaidi kwa kuzibeba ni uyoga wa Ulaya ambao wataalamu huuita Amanita phalloides, ambao watu wameusafirisha bila kujua, pamoja na miche ya miti, mpaka Australia, Amerika na Afrika. Lakini hauko peke yake. Amanita wengine wanazo, na hata uyoga mdogo mdogo wa jamii ya lepiota, usiofika ukubwa wa kifuniko cha chupa, unaweza kuwa nazo.

Sasa tuje jikoni. Kwa nini moto hauitoi?

Chukueni yai. Ute wake ni maji maji, lakini ukiutia kwenye mafuta ya moto unaganda na kuwa mweupe. Kilichotokea ni kwamba ute ule una protini, na protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa kunjwa. Joto likija, mikunjo inafumuka, uzi unajisokota ovyo, na kazi uliyokuwa ukiifanya inaisha. Zipo sumu za vyakula zilizo za namna hiyo, na hizo moto unaziua. Uyoga wengine ukiliwa mbichi unadhuru na ukipikwa unafaa, kwa sababu hiyo hiyo.

Amatoksini si uzi uliokunjwa. Ni pete ndogo ya vipande vinane tu, imefungwa, na katikati imewekewa kiungo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama waya wa chuma uliounganishwa usilegee. Hakuna mkunjo wa kufumua. Maji hapa Lubumbashi, kwa kuwa mji wetu uko juu kama mita 1,200, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hata yangefika 100 pete hiyo isingejali. Kukaanga hakuivunji. Kuanika juani hakuivunji, uyoga mkavu wa mwaka jana bado unayo. Friji haiivunji. Mwezi Julai 2023, katika mji mdogo wa Leongatha huko Australia, watu wanne walilishwa nyama iliyofunikwa kwa unga na uyoga, ikaokwa kwenye oveni, joto kubwa kuliko maji yoyote yanayochemka. Ndani yake mlikuwa na Amanita phalloides. Walikula mchana, usiku wakaanza kuugua, na ndani ya juma moja hivi watatu walikuwa wamekufa.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kabla sijaanza: na maji tunayoyamwaga je? Swali zuri, na jibu lake linahitaji ukweli wote. Sumu hii inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo ukichemsha na kumwaga, sehemu yake inaondoka kweli. Shida ni kwamba unaondoa sehemu ya kitu ambacho punje zake chache zinatosha. Wataalamu wanakadiria kwamba miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili inaweza kuua. Mtu mzima wa kilo 60, hiyo ni miligramu 6. Mtoto wa kilo 15, ni miligramu moja na nusu, kiasi cha chumvi unachoweza kukibeba kwenye ncha ya kucha bila kukihisi.

Hebu tupige hesabu ya nyungu moja, ya mfano tu. Tuseme umetia uyoga watatu wa namna hiyo, kila mmoja una miligramu 8. Jumla 24. Umechemsha, umemwaga maji, na tukupe bahati kubwa, nusu nzima imeondoka. Zimebaki 12. Watu wanne wanakula sawasawa, kila mmoja anapata 3. Baba na mama wataugua, labda watapona. Mtoto wa kilo 15 amepata mara mbili ya kiasi cha kumuua. Na hayo maji uliyoyamwaga, kama jirani ameyaweka ili apikie mboga, ni sumu vilevile.

Neno lile la kuchemsha halikutoka hewani, wala wazee wetu hawakuwa wajinga. Katika miombo kuna uyoga unaowasha ulimi au ulio mchungu, na bibi zetu waliuchemsha, wakamwaga maji, uchungu ukaisha, watoto wakala wakashiba. Kwa uyoga ule walioujua kwa jina, mapishi yale yalikuwa sahihi. Sisi ndio tuliolichukua neno lililokuwa la uyoga mmoja tukalifanya sheria ya uyoga wote. Bibi hakusema "kama huujui, uchemshe." Bibi, uyoga asioujua, aliupiga teke.

Sasa ile nafuu ya Jumatatu, ambayo ilinidanganya mimi mwenyewe, nataka muielewe vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Ini letu ni kiwanda. Kila siku linatengeneza protini za kugandisha damu, za kusafisha mwili, za kujirekebisha lenyewe. Amatoksini inaingia ndani ya chembe za ini na kukifunga chombo kinachosoma maagizo ya kutengeneza protini hizo. Haichomi, haitoboi. Inazuia tu utengenezaji. Fikirini nyumba ambayo kinu cha mtaa kimevunjika. Siku ya kwanza bukari inasongwa kama kawaida, kwa sababu kuna unga kwenye gunia. Siku ya pili, vilevile. Mgeni akipita anaona moshi jikoni, anasema hapa hakuna tatizo. Siku ya tatu wanakung'uta gunia. Ini nalo linakula akiba yake. Tumbo limeshatulia, mtoto anaomba chai, na kumbe akiba inaelekea mwisho.

Tena, ini likijaribu kuitoa sumu, linaitia kwenye nyongo. Nyongo inaingia utumbo, utumbo unainyonya tena, inarudi kwenye ini. Inazunguka hivyo. Ndiyo maana siku mbili za kwanza, hata mgonjwa akionekana mzima, ndizo ambazo daktari bado ana kitu cha kufanya: maji mengi ya mshipani, mkaa wa dawa unaorudiwa rudiwa ili uikamate sumu utumboni (si makala ya kupikia, naomba sana, usimsagie mtu makala), vipimo vya ini kila siku, na dawa kama asetilisisteini, penisilini ya kiasi kikubwa, au silibinini pale inapopatikana. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ufunguo wa kufungua pete ile. Zinasaidia, na zinasaidia zaidi zikiwahi. Ini likishakufa, kinachobaki ni kupandikiza jingine, na huko ni mbali na sisi.

Basi hesabu ya saa ni hii. Uyoga ukikutapisha ndani ya saa moja au mbili, mara nyingi ni sumu ya tumbo, inatesa lakini kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye maji ya kutosha mwilini. Ukianza kukuumiza baada ya saa sita au zaidi, hapo ogopa, nenda hospitali hata kama ni usiku. Na tahadhari moja: kama nyungu ilikuwa na uyoga wa aina mbili tatu uliochanganywa, mmoja unaweza kukutapisha mapema na mwingine ukanyamaza nyuma yake. Kwa hiyo kuugua mapema hakukupi cheti cha usalama.

Turudi kwa yule mama wa Kasenga. Alikuwa mjuzi, na bado alikosea. Kwa nini?

Kwa sababu ujuzi wake ulikuwa wa msitu mwingine. Uyoga mwingi wa jamii ya amanita unaishi kwa kushikamana na mizizi ya mti wake. Chini ya miti yetu ya miombo una amanita wa miombo, na kati yao wapo wanaoliwa, mnawauza wenyewe. Lakini mkalitusi asili yake ni Australia, na msonobari nao ni mgeni hapa, na miti hii ikisafirishwa inaweza kuja na uyoga wake kwenye mizizi. Bibi hakuwahi kutuonyesha uyoga wa mkalitusi kwa sababu kijijini kwake haukuwepo. Macho yanaona sura yanayoijua, na mkono unachuma.

Haya hayatupati sisi tu. Mwaka 2021 familia ya Kiafghani iliyokimbia vita ilipokelewa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warszawa, Polandi. Waliokota uyoga msituni kando ya kituo, wakapika supu. Ulikuwa Amanita phalloides. Watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka sita, walikufa mwanzo wa Septemba, na yule wa miaka sita alikuwa amepandikizwa ini. Supu, ndugu zangu, iliyochemshwa. Huwa nawakumbuka hao kila ninapomwona mtu aliyehamia mji huu, akatoka na kikapu siku ya kwanza ya mvua.

Mtaniuliza majaribio mengine: kijiko cha fedha kugeuka cheusi, kitunguu kubadilika rangi kwenye nyungu, kuangalia kama konokono au funza wameula. Amatoksini haigeuzi rangi ya kijiko wala ya kitunguu, na konokono anaweza kuula akaendelea na safari yake, kwani tumbo lake si tumbo letu. Ladha ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu uyoga huu ni mtamu. Mama yule alinieleza utamu wake akiwa analia.

Nani basi ni mjuzi? Kwangu mimi ni mtu anayeujua uyoga huo huo, katika msitu huo huo, tangu ukiwa yai ardhini mpaka unapooza, na anayeweza kukuambia unafanana na upi mbaya na wanatofautiana wapi. Akishindwa swali hilo la mwisho, huo anaujua nusu. Wapo wamama wa namna hiyo kwenye chumba hiki, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, upande wa kilimo, wapo waliousoma uyoga wa kuliwa wa miombo yetu kwa miaka.

Na mjuzi hakati usawa wa udongo. Anachimbua. Ule uyoga wa kichuguu, tunaoupenda sote, una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye nyumba ya mchwa; kuota karibu na kichuguu hakutoshi, uonyeshe mzizi. Amanita wana kifuko chini ya shina, kama ganda la yai lililopasuka, na kifuko hicho kinabaki ardhini ukitumia kisu. Kusema tu "wenye kifuko ni sumu" hakutusaidii hapa Katanga, kwa sababu tunao wenye kifuko wanaoliwa. Lakini bila kukiona kifuko huwezi hata kuanza kuutambua. Wachanga, wale wa umbo la yai jeupe, waacheni kabisa: katika umri huo mzuri na muuaji wanavaa nguo moja.

Likitokea la kutokea, njooni wote mliokula, hata asiyeumwa. Mlete maganda, mabaki ya nyungu, hata udongo wenye kipande, kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, maana unaoza upesi. Msimpe mtu mawese wala maji ya chumvi atapike. Na mkiambiwa mrudi nyumbani siku ya pili kwa sababu mtoto ameomba chai, semeni kwa sauti: "Tulikula uyoga, na ulianza kutuumiza baada ya saa kumi." Mwambieni muuguzi huyo apime ini kwanza. Akikasirika, akasirike.

Nimeona mama pale ana kikapu, ameleta wa leo asubuhi, na umekatwa kwa kisu wote. Na huyu kijana wa mlangoni amekuja na wake ukiwa na udongo wake, amechimbua vizuri. Leteni vyote viwili hapa mezani, na mama Mkubwa wa uyoga wa kabansa asogee mbele karibu nami, atuonyeshe tofauti kwa mkono wake.